Uzoefu wangu: kebo ya kuchajia ya kubebeka ikipitia ekstensheni au jenereta ndogo

Kebo ya kuchajia inayokuja na gari la umeme, ile yenye kisanduku katikati na plagi ya kawaida ya ukutani, naipa alama nzuri ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi imara yenye ethi. Ikipitia ekstensheni, alama zinashuka sana. Kwenye jenereta ndogo naiona ni ya dharura tu. Kasoro haimo ndani ya kebo yenyewe. Shida ni kwamba kisanduku kile kinalinda kilicho mbele yake, yaani upande wa gari, na karibu hakioni chochote kilicho nyuma yake.

Kabla ya kuruhusu umeme upite, kisanduku kinakagua volti na ethi. Gari likishaanza kuchaji, kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ukivuja kiasi cha miliampea 30 kinakata. Pia kinaliambia gari livute ampea ngapi, kwa kawaida 10 au pungufu kwa plagi ya nyumbani. Kebo nzuri zina kipima joto ndani ya plagi: soketi ikianza kupata moto, kebo inapunguza ampea au inasimamisha kuchaji. Kwangu hicho ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote kwenye kebo hii.

Sasa weka ekstensheni katikati. Kipima joto kimehamia kwenye soketi ya ekstensheni, huku chini sakafuni. Plagi ya ekstensheni iliyo ukutani haina anayeilinda. Badala ya maungio mamoja yanayobeba mzigo wote, sasa kuna mawili, na lile la ukutani, ambalo mara nyingi ndilo kuukuu zaidi, limebaki bila mlinzi. Vivyo hivyo kwa kuvuja: maji yakiingia kwenye ekstensheni, kisanduku hakina habari, kwa sababu hitilafu iko nyuma yake. Hapo unategemea kinga ya kwenye bodi ya umeme ya nyumba, kama ipo.

Wengi hunijibu kwamba ekstensheni yao imeandikwa ampea 13, na gari linavuta 10 tu. Hesabu hiyo inasahau muda. Pasi inawaka na kuzima yenyewe, birika linamaliza kazi kwa dakika chache. Gari linavuta ampea 10 bila kupumzika. Kuchukua kilowati-saa 20 kwa volti 230 ni zaidi ya saa nane na nusu, bila kuhesabu umeme unaopotea njiani. Maungio hayapati nafasi ya kupoa, na huwa ni usiku, watu wamelala.

Fyuzi na sakiti breka nazo hazisaidii hapa. Zenyewe zinahesabu ampea, na ampea 10 ni halali kabisa. Joto linatokana na ukinzani mahali pini inapogusana na bati la ndani ya soketi. Mguso uliolegea wenye ukinzani wa omu 0.1 tu, ukipitisha ampea 10, unatoa wati 10 mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Bati likipata moto linapoteza ubano wake, mguso unalegea zaidi, ukinzani unaongezeka, na joto linapanda tena. Plastiki inageuka rangi ya kahawia, kisha inatoa harufu ya kuungua, na breka bado haijaruka.

Tuchukue ekstensheni ya mita 20 yenye nyaya za milimita 0.75 za mraba, aina inayouzwa kwa ajili ya taa na redio. Kila mita ya waya huo ina ukinzani wa takriban omu 0.026. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo tunahesabu mita 40, na jibu ni kama omu 1.04. Kwa ampea 10 unapoteza volti 10 na ushee, na wati zipatazo 104 zinageuka kuwa joto ndani ya waya. Ukiwa umenyooshwa chini, joto hilo linatawanyika, takriban wati tano kwa kila mita. Ukiwa umezungushwa kwenye rola, wati zote 104 zimefungiwa ndani ya tonge moja la waya. Tabaka za katikati haziwezi kupoa, plastiki inalainika, na laivu inaweza kugusana na nyutro. Ndiyo maana rola nyingi zimeandikwa viwango viwili: kikubwa ukiwa umekunjuliwa wote, na kidogo sana ukiwa umezungushwa. Soma hicho kidogo.

Ukibadilisha waya huo kwa wa milimita 2.5 za mraba, kwa urefu ule ule, ukinzani ni kama omu 0.32 na joto ni wati 32. Ni tofauti kubwa, lakini angalia kwamba haikugusa plagi wala soketi. Waya mnene hauponyi maungio mabovu.

Jihadhari pia na waya wa alumini uliopakwa shaba. Ukiukata na kukwangua uzi mmoja kwa kisu, ndani unaonekana mweupe badala ya mwekundu. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba halisi ya unene ule ule, na skrubu za plagi hulegea upesi zaidi juu yake.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji kufungua kitu. Magari mengi, na baadhi ya kebo, huonyesha volti zinazoingia. Chaji kwanza moja kwa moja kutoka ukutani kwa ampea 10 na uandike volti baada ya dakika chache. Kisha weka ekstensheni, ampea zile zile, na uandike tena. Tofauti ndiyo inayoliwa na ekstensheni pamoja na maungio yake. Volti ikishuka kutoka 226 hadi 211, volti 15 zimepotea, na zikizidishwa kwa ampea 10 ni wati 150 zinazowaka mahali fulani. Kwa waya wetu wa 0.75, volti 10 zinaelezwa na waya wenyewe. Tano zilizobaki, yaani wati 50 hivi, ziko kwenye plagi na soketi. Wati hizo 50 ndizo zinazoleta moto. Na kama tofauti inazidi kukua kadiri saa zinavyopita, simamisha hapo hapo, mguso unaharibika.

Kiwango cha kimataifa IEC 61851-1 hakiruhusu kurefusha kebo ya kuchajia kwa ekstensheni, na watengenezaji wengi wanaandika katazo hilo kwenye kitabu cha gari. Nakubaliana nao. Kama gari halifiki soketi, ni heri fundi umeme avute soketi mpya karibu na maegesho, au ununue kebo ambayo urefu wake mwingi uko kati ya kisanduku na gari, upande ule unaolindwa. Anayelazimika kutumia ekstensheni usiku mmoja atafute ya milimita 2.5 za mraba yenye ethi, yenye tundu moja tu na isiyo na swichi wala taa, aikunjue yote, na ashushe ampea hadi 6. Joto hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo 6 badala ya 10 inabakiza asilimia 36 tu ya joto. Maungio yainuliwe kutoka chini, mahali pakavu, na kisanduku kisining'inie kwenye soketi kwa uzito wake. Baada ya nusu saa gusa mgongo wa plagi ya ukutani. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuushikilia, simamisha kuchaji kutoka kwenye gari kwanza, ndipo uchomoe, maana kuchomoa mzigo unaovuta kunatoa cheche zinazokula pini.

Kwa jenereta ndogo, la kwanza utakaloliona huenda likawa taa nyekundu ya ethi kwenye kisanduku. Jenereta nyingi za kubebeka hazijaunganisha nyutro na fremu yake. Kisanduku kinapima laivu dhidi ya ethi, hakipati volti kinazozitegemea, kinakataa. Hapo watu huleta plagi iliyofungwa waya kati ya nyutro na ethi, na taa inageuka kijani. Kwenye jenereta iliyojitenga peke yake, muungano huo una sababu ya kiufundi: unaupa umeme wa hitilafu njia ya kurudi, ili kisanduku kiweze kuuona. Lakini muungano huo ufanywe na fundi, kwenye jenereta yenyewe, baada ya kusoma maelekezo yake. Plagi ya kubebeka ni hatari kwa sababu kesho itaingia kwenye ekstensheni ya nyumba isiyo na ethi. Kisanduku kitadanganyika na kuonyesha kijani, ilhali bodi ya gari imefungwa kwenye nyutro. Nyutro ikikatika huko nyuma, au laivu na nyutro zikiwa zimebadilishana, bodi ya gari inaweza kubeba umeme wa kuua, na kisanduku kisikate.

Nguvu nayo ihesabiwe kwa ukweli. Jenereta iliyoandikwa kilowati 2 mara nyingi inamaanisha kilele cha muda mfupi, na ya kudumu ni kama 1.6 au 1.8. Ampea 10 zinataka kilowati 2.3, na jenereta hiyo haiwezi kuzitoa. Ampea 6 zinataka takriban 1.4, na chini ya ampea 6 gari halikubali kuchaji. Kompyuta na pampu za gari zenyewe zinaweza kula wati 200 au 300, kwa hiyo betri inapata kama kilowati 1.1. Kwa gari linalokula kilowati-saa 16 kwa kilomita 100, saa nzima ya kelele, kwa takriban lita moja ya petroli, inakupa kilomita kama saba. Inatosha kufika kwenye chaja ya kweli, si zaidi.

Jenereta ya inveta ndiyo pekee ninayoipendekeza, maana volti zake zinatulia. Zile za kawaida hutetereka, na gari huanza na kukata, huanza na kukata. Kila gari linapokata ghafla, injini inabaki bila mzigo na volti zinaruka juu. Hapo ndipo elektroniki huumia. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi isiyo na harufu, hivyo jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha, hata kama gereji iko wazi. Umbali huo unakurudisha kwenye waya mrefu, kwa hiyo unene wa 2.5 na ampea 6 ni lazima hapa pia. Usiiache iishiwe mafuta ikiwa inachaji, kwa sababu volti hupanda na kushuka kabla haijazima. Petroli ikikaribia kwisha, simamisha kuchaji kwenye gari, chomoa kebo, acha injini izunguke bila mzigo dakika moja au mbili, kisha uizime. Tangi lijazwe injini ikishapoa.