Uzoefu wangu: Mwalimu wa Kihispania anayesahihisha kumbukumbu za maisha, Nairobi

Naandika kumbukumbu za familia yetu kwa Kihispania, na mwalimu mmoja hapa Nairobi husoma kurasa zangu kwa malipo. Simtaji jina kwa kuwa hufundishia nyumbani kwake. Hukutana nami Jumamosi, penseli mkononi.

Kinachowasumbua zaidi wanaosimulia maisha yao kwa lugha hii ni kuchagua kati ya pretérito, umbo la kitenzi kwa tukio lililokamilika, na imperfecto, umbo la jambo lililokuwa likiendelea au la mazoea. Sisi tukisema "nyanya aliuza mandazi", huenda ilikuwa kazi yake ya kila siku au alifanya hivyo mara moja tu. Msikilizaji ataelewa kwa muktadha. Mhispania lazima aamue kwenye kitenzi chenyewe. Kwenye rasimu yangu nilitaka kusema nyanya alikuwa akiuza mandazi Kawangware, na asubuhi moja akikaanga, mvua ikaanza kunyesha. Niliandika hivi:

Mi abuela vendió mandazi en Kawangware. Una mañana, mientras frió, empezaba a llover.

Mwalimu hakufuta kitu. Alipiga mstari chini ya vitenzi vitatu, akauliza: "Kipi hapa kinasogeza kisa mbele, na kipi kilikuwa kikiendelea tu?" Kuuza na kukaanga kulikuwa kukiendelea, mvua ndiyo iliyoingilia. Nikaandika upya mwenyewe: vendía, freía, empezó. Kwangu hapo ndipo thamani ya pesa ilipo, kwa sababu swali lile sasa najiuliza kabla ya kumpelekea ukurasa.

Alinisaidia pia kuachana na kanuni inayozunguka sana madarasani, kwamba jambo la muda mrefu huchukua imperfecto. Urefu hauamui. "Vendió mandazi durante veinte años" ni sahihi, ingawa miaka 20 si mchezo, kwa sababu muda umehesabiwa ukafungwa, na msimulizi anautazama wote kwa pamoja. Ukiondoa hesabu hiyo ukabaki na mazoea yake ya kuamka saa kumi alfajiri, unarudi kwenye imperfecto: se levantaba a las cuatro.

Upungufu wake ni kwamba hana mazoezi yaliyopangwa wala haandai mtu kwa mtihani wa DELE. Anayetaka cheti atafute darasa. Anayeandika maisha yake mwenyewe atafaidika, hasa pale ambapo sarufi inaruhusu maumbo yote mawili. Niliandika "mi abuela no quería irse", nyanya hakutaka kuhama. Mwalimu hakugusa sentensi, ila aliandika pembeni: "Na je, alihama?" No quería inaeleza hali ya moyo wake, lakini haisemi mambo yaliishaje. No quiso irse inasema aliambiwa ahame, akakataa. Mwenye nyumba alikuja, nyanya akamkatalia mlangoni, na biashara ikaendelea palepale. Nikaweka no quiso.