Diski Inakatika Katikati ya Gemu: Habu, Kebo au Kasha?

Karibuni tena. Leo mezani nina habu ya USB isiyo na adapta, kebo ya mita mbili, na kasha lenye SSD ya NVMe ndani. Nikiviunganisha, gemu linafunguka bila shida. Nacheza dakika kumi, naingia ramani mpya, picha inaganda, halafu Windows inatoa ule mlio wa kifaa kuchomolewa. Na sijagusa kitu!

Nusura niitupe diski. Kabla na wewe hujatupa yako, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, utafute tukio namba 157 lenye maneno "has been surprise removed". Ukilikuta, ujue diski ilipotea ghafla. Nani kaipoteza, hapo hapasemi.

Kwa hiyo nikaweka kipima umeme cha USB upande wa kasha, siyo upande wa kompyuta, ili nione kinachofika kule mwisho. Tazama namba. Gemu likiwa limetulia, ampea 0.4. Ramani ikianza kupakia, diski inasomwa mfululizo, inapanda hadi 1.1, na volti zinashuka hadi 4.2. Sekunde mbili tu, kipima kikazima na kuwaka tena. Ndipo gemu lilipoganda.

Sasa, tundu la kawaida la USB 3.0 linaahidi ampea 0.9. Habu isiyo na adapta inagawa hiyo hiyo kwa kila kilichochomekwa, na mimi hapo nina padi na hedifoni pia. Kasha peke yake linataka kuliko yote yaliyopo. Hili ni tatizo la makasha ya NVMe hasa. SSD ya SATA kwa kawaida hula kidogo, na hadi-diski ya kuzunguka huvuta sana pale inapoanza kuzunguka.

Kebo nayo ina lake. Soma maandishi madogo ubavuni. Ukiona 28AWG/1P 24AWG/2C, ile 2C ndiyo nyaya za umeme, na namba ikiwa ndogo waya ni mnene. Hii yangu ni 28 kote. Kwa mita mbili, kwenda na kurudi, ampea moja inapoteza karibu volti 0.85 njiani.

Nikabadilisha kebo peke yake, nusu mita: ikakatika, ila baada ya dakika arobaini. Nikarudisha ile ndefu na kuweka habu yenye adapta: bado ikakatika. Vyote viwili pamoja, saa tatu, kimya.

Habu bila adapta ibaki ya kibodi na kipanya. Kebo ndefu sinunui tena. Kasha nalibakiza. Lakini ukichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta kwa kebo fupi na bado inakatika, liguse kasha: likiwa la moto mno kushikika, umeme si kesi yako.