Uzoefu wangu na fomu ya DS-260: amezaliwa Jadotville, pasipoti inasema Likasi

Nyota 3 kati ya 5.

DS-260 ni fomu ya mtandaoni ya viza ya kuhamia Marekani, ile inayojazwa baada ya ombi la I-130 la mtoto au mume kukubaliwa. Nimeijaza mara nyingi kwa wazee wa Katanga wanaoitwa na watoto wao. Kwa jumla ni ndefu lakini inaeleweka. Nyota mbili nimezikata kwa ajili ya mistari mitatu tu: mji uliozaliwa, jimbo, nchi. Ukizaliwa Kalemie mwaka 1985 unaimaliza kwa nusu dakika. Ukizaliwa Jadotville mwaka 1961, unaweza kukaa nayo jioni nzima na bado ukakosea, kwa sababu fomu haina kisanduku cha maelezo pembeni ya mistari hiyo. Inataka jina moja la mji na nchi moja iliyo kwenye orodha yake, basi.

Tuchukue huyo huyo wa 1961, tuseme ni mama aliyezaliwa tarehe 9 Agosti. Mbele yako kuna karatasi nne. Kadi ya ubatizo inasema Jadotville. Hati ya kuzaliwa ya zamani inasema Jadotville pia, lakini juu kabisa imeandikwa “État du Katanga”. Kadi ya mpiga kura inasema Likasi, Katanga. Pasipoti inasema Likasi peke yake. Hakuna karatasi hapo iliyodanganya. Jadotville lilikuwa jina la Likasi, mji huo wa shaba, mpaka 1966, mwaka ambao Élisabethville iliitwa Lubumbashi na Stanleyville ikawa Kisangani. Jimbo nalo limebadilika: Katanga, kisha Shaba wakati wa Zaire, kisha Katanga tena kuanzia 1997, na tangu mgawanyo wa 2015 Likasi iko Haut-Katanga.

Kanuni inayofanya kazi ni hii: kwenye fomu andika mahali pale kwa majina ya leo, na jina la zamani liishi kwenye karatasi unazoambatanisha. Maelekezo ya bahati nasibu ya viza, ile ya DV, yanalisema wazi kuhusu nchi: tumia jina linalotumika sasa kwa mahali ulipozaliwa. Kwa mji, kinachoamua ni pasipoti, maana ndiyo ofisa atakayoishika mkononi wakati fomu iko kwenye kompyuta yake. Kwa mama wetu, basi, inatoka hivi:

```
City: LIKASI
State/Province: HAUT-KATANGA
Country: CONGO, DEMOCRATIC REPUBLIC OF THE
```

Herufi ziwe za kawaida, bila alama za Kifaransa. É inakuwa E. Usijaribu kubana majina mawili pamoja kwa mkwaju au mabano; mstari ule umetengenezwa kwa jina moja, na ukiujaza “Likasi ex-Jadotville” unaanzisha jina la tatu ambalo haliko kwenye hati yoyote.

Mstari wa nchi ndio unaoangusha wengi, na hapa nitakaa kidogo.

Orodha ya nchi ina Kongo mbili. Kuanzia Juni 30, 1960 mpaka 1964 nchi ambayo leo mji mkuu wake ni Kinshasa iliitwa rasmi Jamhuri ya Kongo, neno “Kidemokrasia” likiwa bado halijaingia. Nchi ya ng'ambo ya mto, ya Brazzaville, nayo ilijiita Jamhuri ya Kongo. Sasa mtu anayo hati ya 1963 iliyoandikwa “République du Congo”, anaiangalia, anateremka kwenye orodha, anakuta jina linalofanana neno kwa neno, anabofya. Amemzaa mama yake Brazzaville. Kosa hili halionyeshi dalili yoyote wakati wa kujaza: fomu haigombi, wala haioni ajabu kwamba mji wa Likasi umehamia nchi nyingine. Utalikuta tu kwenye ukurasa wa mapitio kabla ya kutia saini, kama unausoma. Njia ya kujua umechagua sawa ni kutafuta maneno “DEMOCRATIC REPUBLIC” kwenye mstari wenyewe, si kutegemea neno Congo.

Halafu ile “État du Katanga”. Katanga ilijitangazia uhuru Julai 11, 1960 na mambo yakaisha Januari 1963, na katikati hapo ofisi za Jadotville na Élisabethville zilitoa hati zenye kichwa hicho. Hakuna nchi iliyoitambua kama dola. Kwa hiyo hati ni halali kama ushahidi wa kuzaliwa, ila kichwa chake hakikupi nchi ya kuandika. Mtoto wa Agosti 1961 na mtoto wa Agosti 1959 aliyezaliwa chini ya Kongo ya Wabelgiji wanajaza mstari uleule. Ukitafuta Zaire au “Belgian Congo” kwenye orodha unapoteza muda, hazimo. (Jirani zetu wa Burundi wana lao: aliyezaliwa Usumbura mwaka 1959 ana hati ya Ruanda-Urundi, na asipoangalia anachagua Rwanda kwa kuwa ndiyo inayotangulia katika jina. Usumbura ni Bujumbura, na nchi ni Burundi.)

Kosa la tatu ni dogo lakini linasumbua. Hati nyingine za zamani zinataja “Panda” au “Kikula” badala ya Jadotville. Hizo ni komuni za mji huohuo, pamoja na Shituru na Likasi yenyewe. Andika mji, siyo komuni. Ukiweka Panda kwenye fomu wakati pasipoti inasema Likasi, kwa mtu asiyeijua Katanga hiyo ni miji miwili tofauti.

Na tafadhali, swali la “majina mengine uliyowahi kutumia” linahusu majina ya mtu. Nimeona Jadotville imeandikwa pale. Ukishafanya hivyo, mama anakuwa na jina la ukoo la Jadotville.

Sasa karatasi za kuambatanisha. Kuna jambo moja ambalo ningependa watafsiri walijue: jina la mji halitafsiriwi wala halisasishwi. Kama hati ya Kifaransa inasema Jadotville, tafsiri ya Kiingereza iseme Jadotville. Mtafsiri mwenye nia njema akiandika Likasi ili “kumrahisishia ofisa”, tafsiri haifanani tena na hati, na hilo ni tatizo kubwa kuliko jina la zamani. Akitaka kusaidia, aache neno la asili kisha aongeze maelezo yake ndani ya mabano ya mraba, ionekane wazi kwamba ni ya mtafsiri. Mwishoni aweke tamko lake lenye saini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Kwa I-130 kila hati isiyo ya Kiingereza inahitaji tafsiri hiyo. Kwa hatua ya viza inayoishia Kinshasa, hati za Kifaransa hupokelewa kama zilivyo, kwa kuwa ndiyo lugha rasmi ya nchi unakoombea.

Pamoja na hati, weka barua ya ukurasa mmoja iliyotiwa saini na mwombaji. Isiwe historia ya Mobutu. Sentensi inayofanya kazi ni hii, na baada yake orodhesha kila hati na jina la mji lililomo:

```
Likasi was named Jadotville until 1966.
Both names refer to the same city, now in
Haut-Katanga, Democratic Republic of the Congo.
```

Kama unaweza kupata cheti kutoka ofisi ya meya wa Likasi kinachosema jambo hilohilo, kiambatanishe. Kina uzito kuliko ukurasa uliochapwa kutoka mtandaoni.

Wengi wa umri huo hawana hati ya zamani kabisa, kwa hiyo wanapita mahakamani kupata hukumu inayosimama badala yake, kisha ofisa wa hali ya raia anaandika hati mpya kwa kufuata hukumu, na unachukua pia cheti kwamba hakuna rufaa. Hapo ndipo pa kulimaliza tatizo kwa bei rahisi. Mwambie wakili aandike ndani ya ombi lenyewe “née à Jadotville, aujourd'hui Likasi”, na ahakikishe maneno hayo yanaingia kwenye sehemu ya uamuzi mwishoni mwa hukumu, siyo kwenye maelezo ya mwanzo tu. Karani wa hali ya raia ananakili kutoka sehemu ya uamuzi. Likikosekana pale, hati mpya itasema Likasi tu, nayo kadi ya ubatizo itabaki ikielea peke yake.

Kabla ya kutuma, linganisha na I-130. Mara nyingi mtoto aliijaza miaka miwili nyuma akiwa na kadi ya ubatizo mezani, akaandika Jadotville. Hilo halihitaji kuanza upya, barua ile inalifunika. Nchi ikitofautiana ndipo uandike kurekebisha mapema. Pia pitia sehemu nyingine za DS-260 ambako mji unajirudia: fomu inataka anwani zote tangu umri wa miaka 16, mahali walipozaliwa wazazi wa mwombaji, na watoto wake. Mama wa 1961 alifikisha miaka 16 mwaka 1977, mji ukiwa Shaba, Zaire. Tumia majina ya leo huko pia, la sivyo fomu moja itakuwa na mama aliyeishi nchi tatu bila kuhama nyumba.

Ukishatuma, huwezi kuifungua mwenyewe. Inabidi uombe kituo cha viza au ubalozi wakufungulie. Kosa la mji wa zamani na mpya linaweza kuelezwa kwenye usaili, na sijaona sababu ya kufungua fomu kwa hilo peke yake. La Brazzaville lifungulie. Usidhani mashine italinasa kwa niaba yako: ile mistari miwili ya herufi chini ya ukurasa wa pasipoti haibebi mahali pa kuzaliwa kabisa, hivyo anayelinganisha ni mtu na macho yake, na asipoliona linasafiri mpaka kwenye kadi ya ukaazi, ambayo huchapa nchi ya kuzaliwa. Kuibadilisha pale ni fomu ya I-90, na kosa likiwa limetokana na ulichojaza wewe, ada unalipa wewe.