Selfi ya apu ya benki: nimeijaribu kwa picha yangu mwenyewe, ikakataa

Nimebadili simu juzi juzi, na siku hizi ukiingia kwenye apu ya benki yangu kwa simu mpya, namba ya siri peke yake haitoshi, inataka na selfi. Mimi nimeikubali hii kitu ila naona watu wengi wanadhani pale inalinganisha tu sura yako na picha ya kitambulisho, sasa ingekuwa hivyo si mtu angechukua tu picha yako ya Fesibuku akaishika mbele ya kamera akaingia? Kumbe kuna maswali mawili tofauti pale. La kwanza, mbele ya kamera kuna mtu kweli? La pili, huyo mtu ndo mwenye akaunti? Picha yako inaweza kupita la pili bila shida maana sura ni ya kwako kabisa, kwa hiyo inabidi inaswe kwenye la kwanza.

Kwenye apu yangu inakuja duara lenye umbo la yai, unaweka uso humo simu ikiwa mbali kidogo, afu lile yai linakua kubwa na maandishi yanakwambia "Sogeza simu karibu". Wengi wanadhani inataka tu kukuona vizuri, hapana, hapo ndo mtihani wenyewe ulipo. Chukulia sikio liko kama sentimita 12 nyuma ya ncha ya pua. Simu ikiwa sentimita 60 kutoka puani, sikio liko 72, yani umbali wake ni mara 1.2 tu ya ule wa pua. Isogeze mpaka sentimita 20, sikio sasa liko 32, hiyo ni mara 1.6. Ndo maana selfi ya karibu sana inakutoa pua kubwa na masikio yanarudi nyuma mpaka mengine yanapotea. Karatasi haina pua iliyotokeza, kila kitu kiko bapa, ukiisogeza inakuwa kubwa yote kwa pamoja na uwiano unabaki ule ule, basi programu inajua hapa hamna kichwa.

Nikataka kuona mwenyewe. Nikaprinti picha yangu kwenye karatasi ya A4, dada yangu akaishika dirishani kwenye mwanga mzuri, mimi nikashika simu. Yai dogo ilikubali kabisa, nikasogeza, yai kubwa ikazunguka kidogo afu "Hatujaweza kukuthibitisha". Tukajaribu kuikunja karatasi ipate mviringo, ikakataa vile vile. Tukaweka video yangu kwenye simu yake, nayo ikagoma, na hapo ukiangalia kwa makini unaona kabisa kwenye kamera mistari mistari ya mawimbi juu ya uso, ile inatokea kamera ikipiga skrini nyingine, ni alama mojawapo ambayo hizi programu zinaitafuta. Angalizo, usirudie rudie sana haya majaribio, apu nyingi zinakufungia kwa muda.

Shemeji yangu yuko benki nyingine, ya kwake haisogezwi, skrini inawaka rangi rangi kwa mpangilio unaobadilika kila mara, na kamera inaangalia zile rangi zinavyorudi kutoka usoni. Uso una mabonde na miinuko kwa hiyo mwanga haurudi sawa kila sehemu, karatasi inarudisha karibu sawa kote, na video ya zamani haiwezi kujua leo itaanza nyekundu au bluu. Shida yake ni jua, ukiwa nje mchana mwanga wa skrini unamezwa na inakukatalia wewe mwenye uso wako, ingia ndani tu.

Yangu nayo inasumbua. Usiku kwenye taa hafifu ilinikatalia, na ukikaa dirisha likiwa nyuma yako uso unakuwa giza, sisi wenye ngozi nyeusi ndo tunaumia zaidi na hizi kamera za mbele za simu za bei rahisi. Geukia mwanga, futa lenzi, itapita. Hili benki walitakiwa waliandike pale pale kwenye skrini, sio mtu unakataliwa bila kuambiwa sababu.

Ila kuna wizi ambao hii selfi haiuzuii. Kuna matapeli hawashiki picha wala nini, wanapitisha video ya bandia moja kwa moja ndani ya programu kana kwamba imetoka kwenye kamera, hiyo inahitaji ulinzi mwingine kabisa. Na mwingine anakuja na simu yake anakwambia nakusajilia mkopo au laini, angalia hapa, sogea, geuka kushoto. Hapo mtihani unapita vizuri tu kwa sababu mtu yupo kweli na ni wewe, programu haijui umedanganywa. Kwa hiyo mtu yeyote akikuletea simu yake uangalie kwenye lile yai, uliza kwanza ni apu gani na ya akaunti ya nani, akibabaika ondoka.