Birika la umeme lenye maelekezo ya Kifaransa: uzoefu wangu wa miezi minane

Birika hili la lita 1.7 nililinunua Mwanga, hapa Kigoma, likiwa na kijitabu cha Kifaransa kitupu. Linachemsha haraka na mfuniko wake unabana vizuri. Shida ilikuja mwezi wa sita wa kulitumia. Likawa linanguruma kwa nguvu, kisha linajizima kabla maji hayajachemka. Siku moja nilimimina kwenye kikombe, majani ya chai yakabaki yanaelea juu ya maji ya uvuguvugu, pamoja na vipande vyeupe kama maganda ya yai.

Nilikuwa nalisugua kwa sabuni na stili waya, nikidhani kijitabu kinasema hivyo. Jirani yangu aliyesoma Burundi akakipitia, akaniambia, "Dada, hapa hawajasema kuosha. Neno hili hata daktari wa meno hulitumia anapokutoa ukoga."

Hapo nikaelewa. Maji yetu ya bomba yanatoka Ziwa Tanganyika, yana chumvichumvi nyingi. Yakichemka, chumvi hizo zinaganda chini ya birika. Ukoga ukiwa mnene, joto halipiti vizuri kwenda kwenye maji. Bati la chini linapata moto kupita kiasi, na kifaa cha usalama kinakata umeme. Kumbe birika langu halikuwa bovu. Na sabuni haiyeyushi ukoga huo. Unataka kitu kichachu.

Nilitia nusu lita ya siki nyeupe na nusu lita ya maji, bila kuwasha, nikaliacha saa nzima. Vipovu vidogo vilipanda kutoka chini. Ndiyo dalili kwamba ukoga unayeyuka. Vilipoisha na weupe bado upo, nikamwaga na kurudia kwa siki mpya. Kisha nikasuuza kwa maji matupu mara tatu, nikachemsha maji safi na kuyamwaga, harufu ikaisha. Usichanganye siki na dawa ya klorini hata kidogo, inatoa hewa ya sumu. Sasa nafanya hivi kila mwezi, na birika halijajizima mapema tena.

Neno jingine la kijitabu lililonishtua ni chomoa. Mimi nilikuwa nazima swichi tu kabla ya kusafisha. Plagi yake ni ya pini mbili za duara, na kwenye adapta inaingia upande wowote. Ikiingia kinyume, swichi ya birika inaweza kukata waya wa kurudisha umeme, huku ndani bado kuna umeme. Adapta yangu ya kwanza haikuwa na ethi pia, nikaibadilisha. Kitako cha umeme cha birika nakifuta kwa kitambaa kikavu tu, sikisuuzi.

Birika nalipa nyota nne kati ya tano, kijitabu moja. Muuzaji angeweka karatasi yenye maneno matatu tu ya Kiswahili, chomoa, suuza, ondoa ukoga, nisingekunywa chai ya vipande vile.