TAHADHARI: Baruapepe ya "tumebadilisha akaunti ya benki" imetupotezea dola 18,400

Mnaolipa wauzaji kwa kuhamisha pesa benki, someni hii kabla hamjalipa ankara inayofuata.

Muuzaji wetu wa vipuri tumefanya naye kazi miaka minne bila tatizo. Jumatatu alituma ankara ya dola 18,400 kama kawaida. Jumatano ikaja baruapepe nyingine ndani ya mazungumzo yale yale, ikitaja namba ya ankara na kiasi chake, na hata kugusia utani wangu na mhasibu wao kuhusu likizo. Ikasema akaunti yao ya zamani imesimamishwa kwa ajili ya ukaguzi wa hesabu, tulipe kwenye mpya. Barua yenye nembo na mhuri iliambatishwa.

Mwenzangu wa malipo si mzembe. Aliikagua anwani herufi kwa herufi, akaona ni sahihi. Akajibu kuuliza, "Ni kweli mmebadilisha?" Baada ya dakika kumi akajibiwa kwamba ni kweli, na asante kwa umakini wako. Alhamisi pesa ikatoka.

Anwani ilikuwa sahihi kwa sababu tapeli alikuwa ndani ya sanduku la baruapepe la mhasibu wao. Alishaiba nenosiri, akakaa kimya akisoma, akingoja ankara kubwa. Kisha akaweka kanuni: kila ujumbe kutoka kwetu uhamishiwe moja kwa moja kwenye folda ya `RSS Feeds`, ambayo karibu hakuna anayeifungua. Mhasibu wa kweli hakuliona swali letu. Tulimuuliza mwizi kama yeye ni mwizi.

Kwa hiyo ushauri wa "angalia anwani vizuri" hautoshi. Unasaidia pale tapeli anapotumia anwani ya kufanana, kwa mfano `rn` mahali pa `m`, au anapoficha anwani nyingine kwenye `Reply-To`, yaani mahali jibu lako litakapokwenda. Kwa kisa kama chetu, kinga ni kupiga simu kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya ujumbe huo kufika, kwenye mkataba au ankara za zamani. Namba iliyo kwenye ile barua ya mhuri usiipige, maana nayo ni ya tapeli. Wala usitegemee jina la akaunti. Benki nyingi huingiza pesa kwa kufuata namba tu, na sisi tuliandika jina la kampuni sahihi, pesa ikaingia kwa mtu mwingine kabisa.

Jumatatu iliyofuata muuzaji akapiga simu kudai malipo yake. Hapo ndipo tulipojua, siku ya nne.

Kama imeshakutokea, piga simu kitengo cha ulaghai cha benki yako saa hiyo hiyo. Usitume baruapepe ukasubiri. Sema wazi kwamba ni ulaghai, na unaomba malipo yarudishwe na pesa izuiwe benki iliyopokea. Kama ilipita SWIFT, omba nakala ya ujumbe wa malipo, yaani pacs.008 au MT103 ya zamani, na namba ya UETR, ile ndefu inayofuatilia malipo kutoka benki hadi benki. La haraka kuliko yote ni kuzuia. Kurudisha huja baadaye, kwa sababu benki iliyopokea mara nyingi haiwezi kuikata akaunti ya mteja wake bila ridhaa yake au amri ya mahakama, lakini ikishaizuia angalau pesa haisogei. Sisi tulipiga pia benki ile ya pili wenyewe. Hawakutuambia lolote kuhusu mteja wao, ila taarifa waliichukua.

Siku hiyo hiyo nenda polisi, kwa sababu benki zitakudai namba ya ripoti. Usifute baruapepe hata moja. Zihifadhi zikiwa faili asilia, maana picha ya skrini haionyeshi njia ujumbe ulikopitia. Na tapeli usimtukane! Akijua umeshtuka, atahamisha kilichobaki ndani ya dakika chache. Mtu wa kompyuta akague masanduku ya pande zote mbili: nenosiri libadilishwe, vifaa vyote vitolewe kwenye akaunti, na kanuni za kuhamisha ujumbe ziondolewe. Ukibadilisha nenosiri peke yake, kanuni inaweza kuendelea kufanya kazi.

Sisi tulizuiliwa dola 6,150, zingine zilikuwa zimeshatolewa. Ankara bado haijalipwa, na muuzaji anasema hilo ni letu, sisi tunasema sanduku lililodukuliwa ni lake. Wanasheria wanaandikiana.

Halafu wiki iliyopita akanipigia mtu akidai ni "wakala wa kurejesha fedha zilizoibwa", akiijua mpaka tarehe ya malipo. Alitaka ada kwanza. Nimemkatia simu, namba yake nimeipeleka kwa mpelelezi.