Kupima kanzu: mwilini au kwa kanzu ya zamani?

Mwilini, bega hupimwa mgongoni, mfupa hadi mfupa. Urefu huanzia begani karibu na shingo hadi kifundo cha mguu. Lakini unahitaji mtu wa kukupima, maana ukiinama kusoma tepu, urefu hupotoka.

Kanzu inayokukaa vizuri unaitandaza na kujipimia mwenyewe. Kitambaa kipya kikiwa cha pamba, kiloweke kabla ya kukata, kisije kikapungua baadaye.

Kosa baya ni kuchanganya. Tuseme mwilini bega ni sentimita 46, mkono 62. Kanzu ina bega 50, mkono 60, kwa sababu mshono wa mkono umeshuka 2 kila upande. Ukichukua 46 na 60, mkono utakuwa mfupi.

Uliye mbali na fundi, tumia kanzu. Uliyenenepa karibuni, pimwa mwilini.